Maelezo mapya kuhusu makato kwenye akaunti yako

Ndugu mteja,

Uliuliza kwa nini salio lako lilipungua kwa 1,950 mwishoni mwa Machi. Tulikujibu kwamba ni "ada za uendeshaji na tozo za miamala iliyoshindikana". Jibu hilo halikukueleza kitu, na tunakuomba radhi. Fedha ni zako, lazima ujue zimekwenda wapi.

Kiasi kikubwa, 1,200, kinatokana na malipo ya bima yako. Ulituagiza tuyalipe kila tarehe 28. Siku hiyo pesa zilizokuwa kwenye akaunti hazikutosha, tukashindwa kulipa, na kila tunaposhindwa namna hiyo benki hukata ada. Mshahara wako uliingia kesho yake. Kwa maneno mengine, siku moja tu ndiyo iliyokugharimu. Tukisogeza malipo hayo hadi tarehe 2, tatizo hili huenda lisijirudie. Kubadilisha tarehe ni bure. Ukikubali tuisogeze, tujibu "ndiyo" kwenye ujumbe huu. Tafadhali kumbuka kwamba bima ya Machi bado haijalipwa, hivyo wasiliana na kampuni ya bima mapema.

Ile 450 ni ada ya kutunza akaunti, ambayo hukatwa kila mwezi. Zilizobaki, 300, ni kwa sababu ulitoa pesa mara mbili kwenye mashine ya benki nyingine, 150 kila mara. Kwenye mashine zetu hutozwi.

Kama mojawapo ya malipo haya hulitambui, tuambie tulichunguze.

Huduma kwa Wateja