YAH: Kupinga matokeo ya maabara na kuomba karanga magunia 280 zikaguliwe upya

Kisenyi, Kampala
17 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Shirika la Viwango,
Kampala.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Mimi ndiye mwenye karanga zilizotoka Kahama, Tanzania, magunia 280 ya kilo 50, zilizofika Mutukula tarehe 5 Machi. Taarifa yenu ya tarehe 13 inasema zina sumukuvu mikrogramu 17.6 kwa kilo, na kikomo ni 10. Mzigo umezuiwa, nami nimetakiwa niurudishe au uteketezwe.

Maabara sibishani nayo. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa kwa karanga zilizopimwa. Ninachopinga ni namna sampuli ilivyochukuliwa.

Dereva na wakala wangu wa forodha walikuwepo. Mkaguzi alichoma bambo kwenye magunia manne tu, yote ya safu ya nyuma, pale mlango wa lori ulipofunguliwa. Hakuna gunia lililoshushwa, wala la katikati lililoguswa. Na safu hiyo ndiyo iliyolowa: turubai lilichanika kona ya nyuma, mvua ikatunyeshea kuanzia Kyaka. Picha nilizoambatanisha zinaonyesha mpasuko, na alama ya maji kwenye magunia tisa. Fomu ya sampuli, ambayo wakala wangu alipewa nakala, nayo imeandika "magunia 4, nyuma".

Ninyi ni wataalamu kuliko mimi, lakini mnajua sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye uji. Punje chache zenye ukungu zinatosha kuharibu kipimo cha sampuli nzima, na gunia la jirani likawa safi. Magunia manne kati ya 280, tena yaliyolowa, hayawezi kuusemea mzigo wote. Muuzaji alinipa cheti cha kipimo chake, lakini siwaombi mkiamini kuliko chenu.

Kwa hiyo naomba sampuli mpya ichukuliwe mbele yangu au wakala wangu, lori lishushwe, na bambo ipite magunia ya mbele, ya katikati, ya chini na ya juu. Sampuli ichanganywe vizuri, kisha igawanywe mara tatu: moja ya maabara, moja yangu, na moja ifungwe kwa lakiri ibaki kwenu tukitofautiana tena. Yale magunia tisa yatengwe na yapimwe peke yake. Yakishindwa, hayo siyaombei. Yateketezwe, gharama juu yangu. Gharama za upakuzi na upimaji wa marudio pia nitalipa mimi.

Naomba pia amri ya kurudisha au kuteketeza isimamishwe hadi majibu mapya yatoke. Ghala linanidai kila siku, na karanga zikizidi kukaa kwenye joto na unyevu huu, hata zile nzuri zitaota ukungu. Mkaguzi akipatikana wiki hii, wapakuzi wangu wako tayari Mutukula.

Nimeambatanisha nakala ya taarifa ya maabara, fomu ya sampuli, hati ya forodha, cheti cha muuzaji na picha sita.

Wako mtiifu,

Hadija Nakato
Mfanyabiashara wa nafaka na karanga