Utaratibu wa Wazazi na Watazamaji Katika Mechi za Shule Yetu

Ndugu wazazi, walezi na mashabiki, karibuni sana uwanjani. Msimu huu tunachagua wachezaji wa timu ya kata kuelekea UMITASHUMTA, na watoto hucheza kwa moyo wanapowaona mmekuja. Ngoma, nyimbo na vigelegele leteni. Haya yafuatayo, hata hivyo, hayana mjadala.

Simameni nyuma ya kamba, mita 2 kutoka mstari wa chokaa. Nyuma ya goli hasimami mtu. Bodaboda ziishie getini.

Kuelekeza wachezaji ni kazi ya mwalimu wa michezo. Kwenye netiboli, binti akidaka mpira ana sekunde 3 tu za kuutoa. Ndani ya sekunde hizo baba anapiga kelele "rusha!", mjomba "subiri!", mama "kulia, kulia!", naye anabaki ameushika mpaka filimbi inalia. Tumeliona mara nyingi mno, na anayetoka uwanjani na machozi ni mtoto. Mshangilieni anavyojituma, maelekezo mwachieni mwalimu.

Refa hazomewi wala hafuatwi mapumziko. Hata mkiona amekosea, uamuzi wake ndio unaobaki. Mwenye lalamiko amwone mwalimu wa michezo mechi ikiisha. Hili ni pamoja na suala la umri. Ukihisi wapinzani wameleta mamluki, usimnyooshee mtoto kidole wala kumwita "babu" mbele ya wenzake. Tuambie sisi, fomu za usajili na vyeti vya kuzaliwa tutavikagua mezani.

Matusi, kejeli za kabila, maumbile au mavazi ya mabinti, na kauli za aina ya "mvunje mguu" hazina onyo. Mechi itasimama, mhusika atasindikizwa hadi nje ya geti, na atakosa mechi 2 zinazofuata, awe mzazi, mjumbe wa kamati au mwalimu. Pombe, sigara na kubeti pia haviingii uwanjani. Usimpige picha mtoto asiye wako bila ruhusa ya wazazi wake.

Mwanao akiumia, tunajua miguu inataka kukimbia yenyewe. Tafadhali subiri nyuma ya kamba. Mwalimu wa huduma ya kwanza ataingia refa akimwita, nawe utaitwa mara moja. Mtoto aliyeumia shingo au mgongo akinyanyuliwa ovyo anaweza kudhurika zaidi.

Mechi ikiisha, zipigieni makofi timu zote mbili. Na mkiwa njiani kurudi nyumbani, tunaomba sana: usianze na penalti aliyokosa. Kosa lile analijua. Mpe maji, muulize kama ana njaa, akitaka kulizungumza atalianzisha mwenyewe.

Jumamosi wasichana wa netiboli wanaanza saa 2:30 asubuhi, mpira wa miguu unafuata saa 4. Njooni na kofia, maana upande wa mashariki hauna kivuli.

Kamati ya Michezo ya Shule