Ripoti ya Mita za Maji na Umeme, Jumatano 12 Novemba 2025

Jengo la fleti 12, Mbweni
Kwa: Meneja wa jengo
Kutoka: Fundi wa zamu
Muda wa kusoma: saa 12:15 asubuhi, saa ile ile ya jana

Assalaam aleikum Bwana Meneja. Leo yapo matatu yasiyo ya kawaida: tangi la paa limemwaga maji kama lita 3,000, choo cha fleti 7 kinavuja na wenyewe hawapo, na taa za korido zimewaka mchana kutwa. La kwanza limeshatengenezwa. Mawili yaliyobaki yanasubiri ruhusa yako na vifaa.

| Mita | Jana | Leo | Matumizi | Wastani wa siku 14 |
|---|---|---|---|---|
| Bomba kuu (m³) | 4,812.640 | 4,821.310 | 8.670 | 6.10 |
| Pampu kwenda paani (m³) | 2,977.205 | 2,986.615 | 9.410 | 6.05 |
| Fleti zote na bustani, jumla (m³) | – | – | 6.145 | 5.90 |
| Fleti 7 (m³) | 318.774 | 319.186 | 0.412 | 0.310 |
| Fleti 10 (m³) | 402.118 | 403.163 | 1.045 | 0.600 |
| Umeme wa pamoja (uniti) | 38,204.6 | 38,226.9 | 22.3 | 16.4 |
| Umeme wa pampu, ndani ya huo wa pamoja (uniti) | 9,141.2 | 9,147.1 | 5.9 | 3.8 |

Maji ya paani

Mita ya bomba kuu peke yake haitoshi kusema jengo limetumia kiasi gani, kwa sababu inapima yaliyoingia tangi la chini, si yaliyotumika. Kwa hiyo kila asubuhi tunatia ufito tangini. Jana kina kilikuwa sm 142, leo sm 126. Tangi lina upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.5, hivyo sm 1 ni lita 50, na sm 16 zilizoshuka ni lita 800. Ukijumlisha na yaliyoingia, yaliyotoka tangini ni 9.470 m³. Mita ya pampu inasema 9.410. Tofauti ya lita 60 ni kosa la ufito tu, kwa hiyo tangi la chini na bomba la kuvutia ni salama.

Upotevu uko juu ya pampu. Zimepanda 9.410, fleti na bustani zimepokea 6.145, hazijulikani zilipo 3.265. Humo toa kama lita 200 zilizobaki paani, maana matangi mawili leo yamejaa hadi kwenye bomba la kumwagia, na jana yaliishia chini yake kwa sm 5.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa pampu. Lakini jana imekula uniti 0.63 kwa kila m³, na siku za kawaida ni hizo hizo 0.63. Pampu iliyochoka ingekula zaidi kwa maji yale yale. Hii ni nzima, ila imefanyishwa kazi ya bure. Kihesabu saa chake kimeonesha saa 4.0 kamili, wakati kawaida ni 2.6. Na saa 4 ndizo taima inazoruhusu kwa siku: saa 10 hadi 12 alfajiri, na saa 10 hadi 12 jioni. Maana yake swichi ya boya haikuikata pampu hata mara moja; iliyoikata ni taima.

Paani tumekuta waya wa boya umejizungushia bomba la kuingizia, boya limelala pembeni haliwezi kuelea. Jana saa 3 asubuhi kifuniko kilifunguliwa kutia klorini, na waya haukurudishwa kwenye kishikizo chake. Tumelinyanyua boya kwa mkono huku pampu ikiendeshwa, kontakta ikaachia papo hapo, kwa hiyo swichi haihitaji kubadilishwa. Waya umefungwa kwa vibano viwili, na boya sasa linakata sm 5 chini ya bomba la kumwagia.

Hakuna aliyeona maji kwa sababu bomba la kumwagia linaishia ndani ya mfereji wa mvua, na jana mvua ya vuli ilinyesha. Mfereji unaotiririka siku kama hiyo haumshtui mtu. Tunapendekeza lirefushwe kwa kiwiko na mita 1.5 za bomba ili limwage juu ya njia ya geti, mbele ya kibanda cha mlinzi. Bomba la kumwagia lililofichwa halina faida.

Hili si hasara ya maji pekee. Bomba la kuvutia linaishia sm 20 kutoka chini ya tangi, kwa hiyo akiba ya leo ni sm 106, yaani 5.3 m³. Kwa mwendo wa jana, siku ambayo maji ya bomba hayatoki pampu ingevuta hewa kabla zamu ya jioni haijesha, na sili yake ingeungua.

Fleti 7

Wapangaji wamekwenda Pemba tangu Jumamosi, na mita inaendelea kutembea. Jumapili 0.409, Jumatatu 0.414, jana 0.412. Usiku tumesoma saa 5 na tena saa 11 alfajiri: zimepita lita 103 kwa saa 6, ni lita 17 kwa saa, kasi ile ile ya mchana. Mtu haachi alama hiyo. Mtu hufungua na kufunga. Huo ni uvujaji, na kwa kiasi hicho mara nyingi ni raba ya flashi. Maji yetu yana chokaa nyingi, raba hukauka na kingo zake hushika ukoko, haikai sawa.

Limetupita siku tatu kwa sababu alama yetu ya hatari ni kuzidi wastani kwa asilimia 50, na fleti 7 imezidi kwa 33 tu. Mlinzi ndiye aliyesema kuwa wenyewe hawapo. Tunaomba orodha ya waliosafiri iletwe kila jioni pamoja na kitabu cha geti. Fleti tupu inatakiwa isome sifuri.

Valvu ya nje ya fleti 7 tumeifunga leo saa 1:30 asubuhi, na mita imesimama. Tunahitaji uwapigie wenyewe watoe ruhusa ya kuingia.

Fleti 10 si tatizo. Wameosha mazulia, tumewauliza.

Umeme wa pamoja

Umezidi uniti 5.9. Pampu imechukua 2.1 ya hizo. Zilizobaki 3.8 ni taa za korido: 24 za wati 12, ni wati 288, na kwa saa 12 za mchana zinafika uniti 3.5. Kifuniko cha seli ya mwanga kimeshika chumvi na vumbi, hakipitishi mwanga, kwa hiyo seli inaona usiku. Tumekisafisha lakini plastiki imefifia kuwa njano, inunuliwe seli mpya. Kwa sasa taa tunazima kwa swichi ya ubaoni.

Salio la Tukuza la mita hii ni uniti 61.3. Kwa matumizi ya jana linakwisha Ijumaa usiku. Kwa matumizi ya kawaida, Jumamosi usiku. Tafadhali linunuliwe kabla ya sala ya Ijumaa, kwani likikatika hakuna pampu.

Vya kununua: raba ya flashi 1 (tumpe muuzaji ya zamani alinganishe), seli ya mwanga 1, kiwiko 1 na bomba la PVC mita 1.5 la ukubwa wa bomba la kumwagia, gundi ya PVC kopo dogo.

Kesho mita ya pampu inatarajiwa kusoma karibu na 6 m³ na kihesabu saa 2.6. Kikizidi saa 3, tutapanda paani kabla ya kuandika ripoti.