Mwaliko wa kuzungumza na wanafunzi wa Sheria, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026

Lubumbashi, tarehe 2 Februari 2026

Kwa Wakili Kalenga,
Kolwezi

Yaya wetu mpendwa,

Pokea salamu za wadogo zako wa Kitivo cha Sheria, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunaandika kwa niaba ya jumuiya ya wanafunzi wa kitivo, ile uliyoiongoza ulipokuwa hapa Kassapa, kukuomba uje kuzungumza nasi Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, kuanzia saa tatu asubuhi.

Mada tunayopendekeza ni hii: «Asilimia 15 ya mrabaha wa madini: inafikaje kwa wananchi, na nani anaifuatilia?» Wiki hiyo sheria ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Sheria ya Madini, itatimiza miaka minane. Darasani tumekariri kifungu cha 242: nusu ya mrabaha kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta au eneo la chifu ambako mradi unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tunajua pia kwamba kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inatozwa asilimia 10. Mtihani ukija na maswali hayo tunajibu vizuri. Kazi yenyewe ndiyo hatuijui.

Mwezi wa Novemba mwenzetu mmoja anayetoka upande wa Fungurume alituletea nakala ya daftari la masharti ambalo kijiji chao kilisaini na kampuni. Kurasa zimechakaa kwa kukunjwa, chini kuna mihuri miwili na alama za vidole vya wazee. Kisima cha pampu kimeandikwa humo, na zahanati pia. Wanakijiji walikuwa wamemuuliza: je, kisima hiki kinalipwa na ile asilimia 15, au na ile 0.3 ya mauzo ambayo kampuni inapaswa kutenga kwa maendeleo ya jamii, au ni ahadi ya daftari peke yake? Tulikaa naye jioni nzima, wengine tuko mwaka wa mwisho, na hatukukubaliana jibu. Jambo hilo limetuuma. Baba na mama zetu wanatulipia masomo wakitegemea tutawasaidia siku moja katika mambo kama hayo.

Wewe umekaa mezani upande wa vijiji wakati madaftari hayo yanajadiliwa. Ndiyo maana tumekuandikia wewe. Tunaomba utuonyeshe, kwa karatasi halisi unazoweza kuzitoa bila kuvunja siri ya wateja wako, jinsi ya kutenganisha fedha hizo tatu na mlango wa kugonga kwa kila moja.

Tunatarajia watu kama 180. Wengi ni wanafunzi wa Sheria wa miaka ya mwisho. Watakuwepo pia wachache wa Uchumi na Politekiniki. Tumewaalika vilevile wajumbe wa vijiji vya upande wa Fungurume na Kambove, nao watakaa safu ya mbele. Kwa ajili yao tunakuomba uzungumze Kiswahili. Pale sheria inapohitaji maneno yake ya Kifaransa, yataje, sisi tutayaandika ubaoni. Dakika 45 za mazungumzo zinatosha, kisha saa nzima ya maswali, maana wazee wale watakuwa na mengi. Tutamaliza kabla ya saa sita na nusu.

Kuhusu safari: tutalipa tiketi yako ya basi Kolwezi–Lubumbashi, kwenda na kurudi. Ukipenda kuja na gari lako, tutarudisha mafuta na peaji ukituletea risiti. Machi ni mvua, kwa hiyo ni heri ufike Ijumaa mchana. Chumba tutakuwekea usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, karibu na chuo. Jumamosi saa mbili na nusu mwenzetu atakufuata kwa gari. Ukumbini kuna projekta na vipaza sauti, na tumekodi jenereta, umeme ukikatika tusisimame. Baada ya mkutano utakula nasi bukari na samaki pamoja na wajumbe. Posho ya msemaji hatuna, mfuko wetu ni michango ya wanafunzi. Tunakuambia mapema ili uamue ukijua.

Tungependa kurekodi sauti kwa ajili ya wenzetu watakaokosa nafasi. Usipokubali, hatutarekodi.

Tafadhali tujibu kabla ya Ijumaa tarehe 20 Februari, kwa namba ya katibu wetu iliyokutumia barua hii. Kama tarehe hiyo una kesi, Jumamosi ya tarehe 21 Machi ukumbi bado uko wazi. Karatasi zozote unazotaka zigawiwe, tutumie siku tano kabla. Kuchapisha ni juu yetu.

Kwa heshima kubwa,

Mwamba, mwenyekiti
Ngoie, katibu