Insha ya Ushairi: Mbinu za Kishairi katika "Ngalawa Yetu Yavuja"

Swali. Soma shairi lililo kwenye picha uliyopewa. Jadili namna mshairi alivyotumia mbinu za kishairi kuwasilisha ujumbe wake. Toa ushahidi kwa kunukuu. (Alama 20)

Jibu

Shairi "Ngalawa Yetu Yavuja" lina beti nne. Kwa sura ya nje linahusu mabaharia walio kwenye chombo kinachoingia maji, ila mwendo wa lugha yake unaonyesha kuwa chombo hicho ni jamii iliyotelekezwa na kiongozi wake. Utao wa mshororo wa pili katika ubeti wa tatu umemezwa na kivuli kwenye picha, kwa hivyo haukunukuliwa hapa.

Mbinu inayolibeba shairi zima ni jazanda. Mshororo wa kwanza wasema, "Ngalawa yetu yavuja, nahodha amenyamaza." Ngalawa ni nchi na nahodha ni kiongozi. Kosa la nahodha si kwamba ameshindwa kuziba tundu. Amenyamaza, na ukimya huo ndio unaoshtakiwa. Kivumishi "yetu" kinazuia msomaji kuliona tatizo kama la nahodha peke yake. Jazanda hii inapanuliwa katika ubeti wa pili: "Wa tezi wakipakua, wa omo twala makombo." Tezi ni nyuma ya chombo, karibu na usukani, omo ni mbele, mawimbi yanakopasukia. Aliye karibu na usukani hujipakulia kwanza, na anayepigwa na maji hupata masalio. Kwa maneno mawili ya ubaharia mshairi amechora tabaka mbili bila kutaja tajiri wala maskini.

Ubeti huohuo una ukinzani: "Sisi maji twayatoa, wao wanene matumbo." Kiwakilishi "sisi" kinaanza ukwapi na "wao" kinaanza utao, hivi kwamba pumziko la katikati ya mshororo linakuwa mpaka kati ya makundi hayo. Anayefanya kazi ana kitenzi, "twayatoa". Asiyefanya ana sifa tu, "wanene". Tashbihi inayofuata, "tumekonda kama fimbo", ni ya kawaida mno na peke yake isingevutia, lakini ikikaa chini ya "wanene matumbo" inapata makali.

Uhuishi unajitokeza katika ubeti wa tatu: "Mawimbi yanatucheka, yabisha hodi ubao." Mawimbi yamepewa kicheko na adabu ya mgeni. Anayebisha hodi husubiri kukaribishwa. Haya hayatasubiri, na hapo ndipo kejeli ilipo. Kiambishi "-ni" cha "ubaoni" kimedondoshwa ili utao ubaki na mizani nane.

Swali la balagha katika ubeti huo ndilo kilele cha hoja: "Nani atayeokoka, bahari haina wao." Jibu halihitajiki, kwani chombo kikizama tezi na omo huzama pamoja. Neno "wao", lililowatenga wanene katika ubeti wa pili, hapa linafutwa: bahari haibagui. "Atayeokoka" ni inkisari ya "atakayeokoka", ambalo lingeufanya ukwapi uwe na mizani tisa. Inkisari nyingine ni "yanaja" badala ya "yanakuja" katika "Maji kwa wingi yanaja". Mbali na kutosheleza mizani, neno lililofupishwa linakwenda kwa kasi ya maji yenyewe.

Kwa umbo, hili ni tarbia, maana kila ubeti una mishororo minne, na ni mathnawi kwa kuwa kila mshororo una vipande viwili vya mizani 8, 8. Kwa vina ni ukaraguni: ubeti wa kwanza una "-ja" na "-za", wa pili "-a" na "-mbo", wa tatu "-ka" na "-o", wa nne "-ni" na "-dha". Vina vinahama kila ubeti kama chombo kisicho na nanga, ilhali kibwagizo kinabaki palepale kwa "-ma" pande zote mbili.

Takriri ipo ya neno na ya mshororo. "Shime wenzangu shimeni, tusingoje la nahodha" inarudia wito kwa mtindo wa watu wanaovuta kamba kwa pamoja. Takriri nzito zaidi ni kibwagizo, "Tuzibe tundu mapema, chombo kisije kuzama", chenye mwangwi wa methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Kinarudiwa bila mabadiliko katika beti tatu za mwanzo. Katika ubeti wa nne kinasomeka, "Twaziba tundu mapema, chombo kisije kuzama." Aliyekisoma kwa haraka atadhani ni kilekile, kumbe hali ya kuhimizana, "tuzibe", imegeuka kuwa tendo linaloendelea, "twaziba". Mizani haikuongezeka wala kupungua, na nahodha bado hajasema neno.