Ombi la kupigiwa wimbo wangu wa kwanza, "Umepokea?"

Zuhura Bakari (Zuu)
Ngamiani, Tanga
6 Oktoba 2025

Kwa Dada Saumu,
Mtangazaji wa kipindi cha jioni,
Tanga.

YAH: OMBI LA KUPIGIWA WIMBO WANGU WA KWANZA, "UMEPOKEA?"

Shikamoo Dada Saumu,

Naitwa Zuhura, kwenye muziki natumia jina la Zuu. Nina miaka 22, ni mzaliwa wa Ngamiani. Nakuandikia kukuomba uusikilize wimbo wangu wa kwanza, na ukiona unafaa, uupige kwenye kipindi chako cha jioni. Umo kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii.

Mimi ni karani wa mizigo kwenye ofisi moja ya mabasi pale stendi ya Kange, na wimbo wenyewe umetoka hapo mezani kwangu. Kila asubuhi wanakuja akina mama na vifurushi vya watoto wao walioko Dar. Utakuta samaki wa kukaanga kwenye ndoo ndogo ya plastiki, machungwa ya Muheza kwenye kiroba, mkate wa kumimina umefungwa kwa kanga. Mama anaandika jina kwa kalamu ya wino mzito, anarudia namba ya simu mara mbili, kisha anamwambia konda, "Mwanangu, huu usiuweke chini, kuna mayai." Basi likiondoka anabaki amesimama. Jioni anarudi au anapiga simu ofisini kuniuliza kama mzigo umefika Mbezi. Mimi naangalia daftari, namwambia umefika, tena umeshachukuliwa. Ndipo ananyamaza. Mzigo umechukuliwa, na mtoto hajapiga hata simu ya kusema ahsante.

Huo ukimya ndio nilioutungia wimbo. Sikutaka kumsema mtoto vibaya, maana na yeye huko aliko huenda anahangaika, hana hata vocha. Nimeimba kwa sauti ya mama peke yake. Kiitikio chake ni hiki, mizani nane kwa nane:

Mzigo umepokea, mbona kimya hujasema?
Jua linanichwelea, niambie u mzima.

Kwa upande wa muziki, nimeurudia mji wetu. Tanga hii ndiyo ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ndiyo ya Black Star waliopiga taarabu kwa magitaa, ndiyo iliyotupa Bi Shakila. Nimekua nikisikia gitaa la namna ile kwa majirani, lile linalojibizana na mwimbaji kama watu wawili wanaongea barazani. Kwa hiyo kwenye "Umepokea?" gitaa linapigwa kwa mkono na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kuwa kwenye bendi za dansi, na prodyuza ameweka chini yake mdundo wa sasa, wa taratibu, unaochezeka. Vijana wenzangu walipousikia walicheza. Mama yangu alipousikia alikaa kimya mpaka ulipoisha, akaniambia niurudie.

Niliwahi kukusikia hewani ukilalamika kwamba nyimbo nyingi unazoletewa mdundo umeyameza maneno. Maneno yako niliyashika. Tulipofika kwenye kuchanganya sauti nilimwomba prodyuza ashushe besi na aipe sauti ya mwimbaji nafasi, kisha tukaujaribu kwenye redio ndogo ya mama ya spika moja, ile anayoiweka dirishani jikoni. Hapo ndipo nilipotaka usikike vizuri, hata kabla ya spika kubwa za studio. Kila neno linasikika, hata mafuta yakiwa yanachemka kwenye karai.

Na hii ndiyo sababu nakuandikia wewe. Wimbo tayari uko Boomplay na YouTube, na nashukuru marafiki wanausambaza. Lakini mwenye wimbo huu ni yule mama wa Pongwe, wa Pangani, wa Muheza, mwenye simu ya kitochi asiyejua bando ni kitu gani. Huyo hatanipata YouTube. Anayo redio, na saa za kipindi chako yuko jikoni au amekaa nje na majirani. Najua anakusikiliza wewe kwa sababu hata pale ofisini mama akija jioni nikiwa nimefungulia kipindi chako, ananiambia niongeze sauti kwanza ndipo tuongee habari ya mzigo. Ukiupiga mara moja tu, utakuwa umefika nyumba ambazo mimi kwa uwezo wangu siwezi kuzifikia.

Naomba niseme na hili bila kuficha. Mahali fulani, si kwenu, niliambiwa wimbo ni mzuri lakini niende na "hela ya promo" ndipo utasikika. Kiasi nilichotajiwa kinazidi gharama niliyolipa studio, na hela ya studio niliikusanya kwenye mshahara kidogo kidogo. Sikutoa, na sitatoa. Ninaamini wimbo upigwe kwa sababu unafaa, na usipofaa uachwe. Ndani ya bahasha hii utakuta flashi na barua, basi. Nimekuja kwako kwa sababu nimekusikia ukipiga nyimbo za watoto wa hapa ambao hawajulikani na hawana mtu wa kuwasemea.

Mambo ya taratibu nimeyakamilisha. Nimesajiliwa BASATA kama msanii, na wimbo nimeuandikisha COSOTA kwa majina ya watunzi wawili, mimi na mpiga gitaa, kwa kuwa ule mlio wa mwanzo ni wake na ni haki yake. Nakala za vyeti zimo. Wimbo una dakika 3 na sekunde 24. Sekunde 14 za mwanzo ni gitaa tupu, kwa hiyo una nafasi ya kuutambulisha kabla sijaanza kuimba. Hauna neno ambalo mtu ataona haya kulisikia akiwa amekaa na wakwe zake. Kwenye flashi kuna faili la WAV na la MP3, maneno yote ya wimbo, na picha moja.

Ninachoomba ni upigwe hata mara moja siku ya Alhamisi, kwenye kile kipande cha nyimbo mpya, na wasikilizaji wako waseme wenyewe. Ukinihitaji kwa mahojiano, nitakuja na mzee wangu wa gitaa tuupige hapohapo studioni, hatuhitaji vyombo vingine. Ukiona kuna sehemu haijakaa sawa, nitashukuru sana ukiniambia ukweli, maana wimbo wa pili nimeshaanza kuuandika na ushauri wako utanifaa huko.

Wiki hii na ijayo nipo zamu ya asubuhi, natoka kazini saa nane mchana. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha na kwenye flashi. Flashi ni yako, usihangaike kuirudisha. Nimemwomba dada wa mapokezi akukabidhi mkononi.

Nakutakia kazi njema, wewe na wenzako wote mnaotuletea sauti majumbani.

Wako katika sanaa,

Zuhura Bakari (Zuu)

Viambatanisho: flashi 1, nakala za vyeti vya BASATA na COSOTA.