Mpango wa Siku 90 za Kwanza: Kiongozi Mpya wa Timu, Huduma kwa Wateja, Zamu ya Mchana

Mpango huu umeandaliwa na Meneja wa Huduma kwa Wateja pamoja na Ofisi ya Rasilimaliwatu, kwa ajili yako unayeanza kuongoza zamu ya saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Unakabidhiwa wahudumu 8: sita wa simu na wawili wa ujumbe. Mpaka Ijumaa iliyopita ulikuwa mwenzao, na mmoja wao aliomba nafasi hii hii akakosa. Kiongozi anayeondoka atakuwepo hadi mwisho wa wiki ya 2. Akishahamia idara ya mafunzo, usimtegemee kwa maswali ya kila siku.

Kinachotarajiwa mwisho wa wiki ya 13

- Asilimia 80 ya simu zinapokelewa ndani ya sekunde 20, kwa wastani wa wiki, kwa wiki 4 mfululizo. Sasa hivi tuko asilimia 71.
- Hakuna lalamiko lililokaa zaidi ya saa 48 bila mteja kupewa jibu, hata kama jibu ni kwamba bado linashughulikiwa.
- Kila mhudumu amekaa nawe ana kwa ana angalau mara 5, na kila kikao kina kumbukumbu ya mistari mitatu au minne.
- Yupo mhudumu mmoja anayeweza kukushikia zamu kwa siku nzima.

Kuna kipimo cha tano, ambacho kinakuhusu wewe peke yako: simu unazopokea mwenyewe. Kama mhudumu ulikuwa unapokea kama 60 kwa siku. Mwezi wa kwanza zisizidi 15, mwezi wa pili zisizidi 5, na mwezi wa tatu upokee tu zile ngumu ambazo mhudumu amekuhamishia. Tumeliweka hili kwa namba kwa sababu ndipo viongozi wengi waliotoka ndani ya timu wanapokwama. Foleni ikirefuka wanarudi kwenye kazi wanayoiweza, na zamu inabaki haina mtu wa kuitazama.

Wiki ya 1 na ya 2: makabidhiano

Siku ya kwanza, kabla ya saa 2:00, meneja atakutambulisha kwa timu kwa dakika 10. Usitoe hotuba ya mabadiliko. Waambie mambo matatu tu: kwamba ratiba iliyopo inaendelea, kwamba utakaa na kila mmoja ndani ya wiki nne, na kwamba maombi ya ruhusa sasa yanakuja kwako. Siku hiyo hiyo hakikisha umefunguliwa mfumo wa ratiba, rekodi za simu na ripoti za siku. Ikifika Jumatano kimoja bado kimefungwa, mwambie meneja; usiazime nywila ya kiongozi anayeondoka, kwa sababu kila unachoidhinisha kitasomeka kwa jina lake.

Katika makabidhiano, orodha ya kazi utaipata kwenye daftari. Usiyoyapata humo ndiyo ya kuuliza: nani ameahidiwa likizo kwa mdomo? Nani yuko kwenye onyo, na linaisha lini? Ni wateja gani wanaopiga kila wiki kwa jambo lile lile? Ahadi ya mdomo iliyosahaulika huibuka mwezi wa pili, na atakayeonekana ameivunja ni wewe.

Aliyekosa nafasi awe wa kwanza kukaa nawe, wiki ya 1, siyo wa mwisho. Usimwombe radhi na usimwahidi cheo. Sema waziwazi: "Najua uliomba nafasi hii. Sitajifanya sijui. Ningependa kusikia unataka kazi yako iende wapi mwaka huu." Kisha nyamaza, msikilize. Akijibu kwa mkato, mkubalie, umpangie kikao kingine baada ya wiki mbili.

Wiki ya 3 na ya 4: kutazama kabla ya kugusa

Maliza vikao vya mwanzo na wote 8, dakika 30 kila kimoja, visizidi viwili kwa siku. Maswali manne yanatosha: nini kinakuchelewesha kila siku, nini tusikibadilishe, unapenda kurekebishwa vipi, kuna jambo gani uliwahi kulisema likapotea. Andika majibu yao kwa maneno yao.

Kubadilisha ratiba, kanuni za mapumziko au mgawanyo wa kazi hakuruhusiwi kabla ya tathmini ya wiki ya 4, isipokuwa kwa dharura. Ruhusa unayo ya kuondoa kero ndogo zisizomgusa mtu mwingine: hedifoni mbovu, jibu la kunakili lililopitwa na wakati, kiti kilichovunjika. Jambo dogo lililolalamikiwa kwa miezi likitengenezwa ndani ya wiki moja linajenga imani kuliko kikao chochote.

*Hatua ya kujifunza ya mwezi wa 1: hesabu ya watu.* Zamu hii hupata wastani wa simu 45 kwa saa, na kila simu huchukua dakika 5 pamoja na kuandika maelezo. Hiyo ni dakika 225 za kazi ndani ya saa moja, yaani kazi ya watu 3.75. Ukiangalia haraka utasema wanne wanatosha. Hawatoshi, kwa sababu simu haziji kwa zamu. Zinakuja nne kwa pamoja, kisha kimya. Kwa mzigo huo, wahudumu 6 wakiwa laini wote wanafikisha karibu asilimia 80 ndani ya sekunde 20. Wakiwa 5, inashuka hadi kama asilimia 58. Wakiwa 4, foleni haiishi. Mtu mmoja tu akitoka, hali inakuwa nyingine kabisa, na ndiyo maana chakula cha mchana huenda mmoja mmoja huku mhudumu wa ujumbe akishika laini. Utathibitisha umelielewa hili kwa kupanga ratiba ya wiki ya 5 peke yako, ikiwa na likizo moja ndani yake, na kumweleza meneja kila pengo utaliziba na nini.

Mwezi wa 2: kurekebisha watu na kuachia kazi

Kuanzia wiki ya 5, vikao vya ana kwa ana vinakuwa kila baada ya wiki mbili, wanne kwa wiki. Ukikiahirisha kimoja, mpe mhusika siku nyingine papo hapo. Ukikiahirisha mara mbili, amekwisha kuelewa kwamba si muhimu.

Sikiliza rekodi 6 kwa wiki, ili kila mhudumu apate 3 kwa mwezi. Wiki ya 5 wewe na meneja mtasikiliza simu 5 zile zile, kila mtu peke yake, na kuzipa alama kati ya 100. Mkitofautiana zaidi ya alama 5 kwenye simu yoyote, mtairudia pamoja mpaka mjue tofauti imetoka wapi. Kosa la kawaida kwa kiongozi aliyekuwa mhudumu hodari ni kukata alama kwa sababu mwenzake hakusema alivyozoea yeye kusema, ilhali mteja ameondoka ameridhika.

*Hatua ya kujifunza: mrejesho.* Utoe ndani ya saa 24, faraghani, na utaje kitu kinachosikika kwenye rekodi. "Huna heshima kwa wateja" haimsaidii mtu. Sema: "Kwenye simu ya saa 4:10 mteja alianza kueleza mara tatu, ukamkatiza mara zote tatu. Alipiga tena saa 5 kwa jambo lile lile." Halafu muulize yeye aliionaje simu hiyo kabla ya kumwambia la kufanya. Meneja atakaa nawe kwenye vikao viwili vya aina hii bila kusema neno, kisha mtazungumza baadaye.

Sasa foleni. Ni saa 5 asubuhi, ubao unaonyesha wateja 9 wanasubiri na mkono unakwenda kwenye hedifoni. Acha kwanza. Angalia nani yuko mapumzikoni na amebakiza dakika ngapi. Angalia nani amekaa kwenye hali ya "kuandika maelezo" zaidi ya dakika 3. Mara nyingi amekwama na jambo unaloweza kulimaliza kwa sentensi moja. Hamisha mhudumu mmoja wa ujumbe aje kwenye simu. Sogeza mapumziko yanayofuata kwa dakika 20, na uwaambie wahusika sababu. Dakika 10 zikipita na bado wateja hawajapungua chini ya 5, ndipo uingie laini, na umtaarifu meneja. Ukianza na hedifoni, umeongeza mtu mmoja na kupoteza wa kuyafanya hayo mengine yote.

Wiki ya 7 chagua kazi mbili za kumkasimu mhudumu mmoja. Tunapendekeza ripoti ya siku na ufuatiliaji wa malalamiko yaliyokaribia saa 48. Mwonyeshe mara moja, mtazame akifanya mara mbili, kisha mwachie. Ukiirudia ripoti yake kimyakimya jioni, hujamwachia.

Mwezi wa 3: zamu iwe yako

Leta pendekezo moja la kubadilisha utaratibu, ukurasa mmoja, likitokana na ulichosikia wiki ya 3 na ya 4. Lijaribiwe kwa wiki mbili, wiki ya 9 na ya 10, likiwa na kipimo kilichoandikwa kabla ya kuanza. Moja, siyo matatu. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

Wiki ya 9 Rasilimaliwatu watakupitisha kwenye taratibu za nidhamu, ugonjwa na likizo kwa saa 2, kwa mifano ya kutatua. Kabla ya hapo usitoe onyo lolote, la mdomo wala la maandishi, bila meneja kujua. Wiki ya 11 utakuwa nje ya zamu kwa siku nzima na msaidizi wako ataishika. Simu yako ya mkononi izimwe kwa mambo ya kazi.

Vikao vyako wewe

| Na nani | Lini | Muda |
|---|---|---|
| Meneja | Wiki 1–4: Jumatatu na Ijumaa | Dakika 15 na 30 |
| Meneja | Wiki 5–8: kila Ijumaa | Dakika 30 |
| Meneja | Wiki ya 10 na ya 12 | Dakika 45 |
| Mlezi (kiongozi wa zamu ya usiku) | Kila wiki mbili | Dakika 45 |
| Rasilimaliwatu, faragha | Wiki ya 2 na ya 7 | Dakika 30 |

Unayomweleza mlezi hayafiki kwa meneja. Kwa meneja njoo na namba za wiki, jambo moja lililokwama na uamuzi mmoja unaouhitaji kutoka kwake.

Tathmini rasmi ni mwisho wa wiki ya 4, ya 8 na ya 13. Ya wiki ya 8 itatanguliwa na maswali matano kwa timu, bila majina, na majibu utayasoma wewe kwanza, siku mbili kabla ya meneja. Usijaribu kukisia nani kaandika nini.

Wiki ya 13 matokeo ni mojawapo ya haya: kuthibitishwa, kuongezewa wiki 6 kwa malengo mahususi yaliyoandikwa, au kurudi kwenye nafasi ya mhudumu mwandamizi kwa mshahara wako wa awali. Hilo la tatu halitakuja kwa ghafla. Kama linawezekana, utakuwa umeambiwa kwa maandishi kwenye tathmini ya wiki ya 8.